Jinsi ya kuwaandikia mapokezi ukitaka kuazima adapta na chaja, usiletewe kitu kingine

Mi nakaa mapokezi kwenye lodge moja hapa Mbeya, upande wa Mwanjelwa, na zamu yangu mara nyingi ni ya usiku. Naandika hii baada ya kuhangaika na mgeni mmoja Julai iliyopita, mama mtu mzima, mstaarabu kweli, alinitumia meseji ya wasap saa 4 usiku: "Habari dada, naomba adapta na chaja." Adabu ipo, kila kitu kipo, ila kijana wetu alipanda ngazi mara nne na kile baridi chetu cha Julai, na mara ya nne ndo tukaelewana. Kwaiyo nakuelekeza nilivyomuelekeza yeye.

Hatua ya 1: salamu na chumba

"Habari za usiku, mimi mgeni wa chumba namba fulani." Basi. Shikamoo kwenye meseji acha, humuoni unayemwandikia, unaweza ukamwamkia binti wa miaka 22. Na usitume "mambo" alafu ukakaa kusubiri ujibiwe ndo useme shida, nitaeleza chini kwanini.

Hatua ya 2: sema adapta ipi (hapa ndo pagumu)

Shida ni hili neno adapta lenyewe. Kwetu huku mtu akisema adapta anaweza kuwa anamaanisha kichwa cha chaja ya simu, mwingine anamaanisha lile boksi jeusi la chaja ya laptopu, mwingine ndo anamaanisha kile kidude cha kubadilisha plagi iingie kwenye soketi. Vyote vitatu tunaviita adapta na hakuna aliyekosea. Yule mama mimi nilimpelekea kichwa cha simu, akajibu "sio hii, ni ya laptopu", nikampelekea chaja ya laptopu ya bosi, akasema chaja anayo, haiingii ukutani. Hapo nusu saa imeshakwenda.

Kwaiyo usitaje jina tu, eleza pini. Soketi zetu nyingi Tanzania ni zile za Kiingereza, matundu matatu ya bapa. Angalia plagi yako: pini mbili bapa ni za Marekani, na za Kichina nyingi pia ziko hivo. Pini mbili za duara ni za Ulaya, ila hapo napo kuna mtego, zipo nyembamba na zipo nene. Nyembamba ni za vichwa vya simu na vichaja vidogo, adapta yoyote ya kawaida inazipokea. Nene ni ile plagi yenye kichwa kinono cha duara, inakuja na laptopu na vifaa vikubwa vya Ujerumani na jirani zake, na viadapta vingi vidogo tulivyonavyo kwenye droo matundu yake ni membamba, haiingii hata usukume vipi. Ya mama ilikuwa nene, laptopu kaletewa na mwanae kutoka huko. Mara ya tatu tukampelekea adapta ndogo, ikagoma, kilichomsaidia mwisho ni ekstensheni yenye matundu ya kila aina tuliyoichomoa kwenye tivii ya mapokezi.

Mimi siku hizi ukiniuliza, omba hiyo ekstensheni kabisa, karibu kila lodge inayo hata kama adapta hawana. Ila jua kitu kimoja, plagi nene ya Ulaya ukiichomeka kwenye matundu hayo mara nyingi waya wa ethi haugusi popote. Kwa chaja ya laptopu inavumilika, utasikia tu bodi la chuma linakutekenya vidole kama umeme mdogo. Kwa pasi au birika la umeme usifanye, omba pasi ya lodge.

Alafu adapta haibadilishi umeme, inabadilisha umbo la plagi tu. Umeme wetu ni volti 230. Soma maandishi madogo kwenye chaja yako, kama yapo hivi uko salama:

```
INPUT: 100-240V ~ 50/60Hz
```

Ikiandikwa 120V peke yake, kama zile mashine za nywele za Marekani, usiombe adapta maana itaingia vizuri sana na itaungua vizuri sana.

Na ile ya kuingiza kalamu kwenye tundu la juu ili soketi ifunguke uchomeke pini mbili, najua wote tunafanya majumbani, hotelini usifanye. Pini inakaa imelegea, inapata moto, utakuta plastiki imeyeyuka na harufu chumba kizima. Soketi ya chumba namba 9 tumeibadilisha kwasababu hiyo.

Ukishindwa kabisa kueleza, piga picha ya plagi upande wa pini. Picha moja inamaliza maneno yote hayo.

Hatua ya 3: chaja

Taja simu, na useme unataka waya, kichwa au vyote. Samsung na Tecno za karibuni ni USB-C, aifoni kuanzia 15 nazo ni USB-C, aifoni 14 kurudi nyuma ni ile pini yao wenyewe. Kama waya unao lakini una USB-C pande zote mbili sema, maana vichwa vyetu vingi ni vya mdomo mpana vya zamani, hautaingia.

Hatua ya 4: kila kitu kwenye meseji moja

Anayeomba chaja simu yake inakata roho, mnasahau hilo. Mama yule alikuwa na asilimia 4, mimi namuuliza "pini ngapi?" tayari tiki imebaki moja. Meseji yako iandike kama vile hutaweza kujibu tena. Hii ndo tuliyoitengeneza nae asubuhi wakati anakunywa chai:

> Habari za usiku dada, samahani kwa usumbufu. Mimi mgeni wa chumba namba 14. Naomba kuazima vitu viwili kama vipo. Cha kwanza ni adapta ya ukutani ya kubadilisha plagi. Plagi ya laptopu yangu ni ya Ulaya, pini mbili nene za duara, picha hiyo hapo. Ekstensheni yenye matundu ya kila aina nayo itanifaa. Cha pili ni chaja ya simu, kichwa na waya, simu ni Samsung ya USB-C. Nitavirudisha mapokezi kesho saa 1 asubuhi. Simu inakaribia kuzima, naomba mgonge tu mlango, niko macho mpaka saa 5. Kama havipo pia sawa, naomba kujulishwa. Asante sana.

Ni ndefu, ndio, ila mimi nikiipata hiyo kijana anapanda mara moja. "Naomba kuazima" iache hivo hivo, ukiandika "nahitaji chaja" inasomeka kama unadai haki yako, na saa 4 usiku mtu anapima kama avue blanketi au asivue.

Hatua ya 5: kurudisha

Kama unawahi basi la alfajiri sema palepale kwenye meseji, nitakuambia umwachie mlinzi, maana mimi saa 11 nakuwa nimejilaza kwenye kochi nyuma ya kaunta. Ukichomoa simu yako chomoa na kichwa ukutani, chaja zetu mbili zimeshafika Dar bila sisi.