Kabla ya kulaza ukurasa wa jedwali pana kwenye tasnifu

Binti wa mama mdogo alikuja kwangu Ngamiani, hapa Tanga, wiki chache kabla ya kukabidhi tasnifu yake ya kilimo cha mwani. Jedwali la sura ya nne lilikuwa na safu kumi na moja, moja ya majina ya vijiji na kumi za miezi ya mavuno. Alikuwa ameshaulaza ukurasa mwenyewe katika Word na jedwali lilikaa vizuri. Tatizo ni kwamba ukurasa ule, uliopaswa kuwa wa 58, haukuwa na namba wala kijajuu, wa 59 ulikuwa vivyo hivyo, na kurasa zilizofuata zilihesabiwa upya badala ya kuendelea. Nilikaa naye mchana mzima. Haya ndiyo niliyotamani ayajue kabla hajaanza.

Kwanza pima, maana pengine huna haja ya kulaza chochote. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa 29.7. Chuo chake kilitaka ukingo wa kushoto wa sentimita 4 kwa ajili ya kujalidi, na pande nyingine 2.5. Kwa hiyo ukurasa wa wima unabakiza 14.5 za kuandikia. Majina ya vijiji yakichukua 3.7, kila mwezi unapata kama sentimita moja tu, na tarakimu kama 1,245.6 haziingii bila kukatika. Ukiulaza unapata 24.7, na kila mwezi unapata 2.1. Mtu mwenye vijiji vitano angeweza kugeuza jedwali, miezi ishuke chini na vijiji vikae juu, ukurasa ukabaki wima. Binti alikuwa na vijiji kumi na vinne, hivyo kugeuza kungemwongezea safu. Kulaza kulikuwa sahihi.

Pili, ngoja maandishi ya sura yatulie. Ukurasa wa kulala unaanza upya kila mara, kwa hiyo ule wa wima unaoutangulia hukatwa popote maneno yalipoishia, hata kama nusu yake ni nyeupe. Sura ikishakamilika unaweza kuvuta aya moja au mbili za baada ya jedwali zije kuziba nafasi hiyo. Ukifanya mapema, kila sahihisho la msimamizi litaifungua tena.

Sasa kwenye kiini. Word haigeuzi ukurasa mmoja peke yake. Inageuza sehemu nzima ya faili. Ndiyo maana unahitaji mikato miwili ya sehemu, mmoja kabla ya anwani ya jedwali na mwingine baada ya chanzo chake. Nenda `Layout`, kisha `Breaks`, kisha `Next Page`. Usichague `Odd Page`, inaweza kukuingizia ukurasa mtupu. Wengi huchagua jedwali peke yake na kuiachia Word iweke mikato, halafu anwani inabaki nyuma kwenye ukurasa wa wima. Weka mikato kwa mkono, uwashe alama zilizofichwa kwa `Ctrl+Shift+8` ili uione, kisha weka kasa katikati na uchague `Orientation`, `Landscape`.

Sehemu mpya inarithi kila kitu cha sehemu uliyoikata, na hapo ndipo namba za binti zilipopotelea. Sura yake ya nne ilikuwa na alama kwenye `Different First Page`, ili ukurasa wa kwanza wa sura usiwe na kijajuu. Alipokata, sehemu zote mpya zilirithi alama hiyo. Ukurasa wa jedwali ulikuwa wa kwanza katika sehemu yake, nao ukanyamaza. Tulibofya mara mbili sehemu ya kijajuu, tukaiondoa alama kwenye ukurasa wa jedwali, kisha kwenye sehemu inayofuata, kwa kuwa nayo ilikuwa na ukurasa wake wa kwanza. Halafu tukafungua `Format Page Numbers` katika kila sehemu mpya na kuchagua `Continue from previous section` badala ya `Start at`. Namba 58 na 59 zikarudi.

Kabla ya kugusa kijajuu chenyewe, soma mwongozo wa chuo: unataka namba ikae wapi kwenye ukurasa uliolazwa? Majibu ni mawili na kazi zake hazifanani.

Kama namba inafuata jedwali, acha `Link to Previous` ikiwa imewashwa. Kasoro itakayobaki ni kwamba maandishi ya kulia yatasimama katikati ya njia, kwa sababu tabo ya kawaida inahesabu upana wa ukurasa wa wima. Futa tabo hiyo kwenye kijajuu cha wima, uweke `Insert Alignment Tab`, `Right`, `Relative to Margin`. Hii hufuata ukingo wa kila ukurasa, basi kijajuu kimoja kinatosha pande zote. Mimi naipendelea njia hii kila mwongozo unaporuhusu.

Kama chuo kinataka namba ibaki palepale msomaji anaposhika kitabu wima, itabidi ukate uhusiano. Anza na sehemu iliyo baada ya jedwali: zima `Link to Previous` yake kwanza, ndipo uzime ya jedwali. Ukisahau ya baadaye, kila unachobadilisha kwenye jedwali kitamwagika hadi mwisho wa tasnifu. Kisha futa namba ya chini kwenye ukurasa wa jedwali, na humohumo kwenye kijachini weka kisanduku cha maandishi chenye namba, maandishi yakigeuzwa kwa `Rotate all text 90°`. Kikae ukingo wa kushoto wa skrini, ambao ndio utakuwa chini ya kitabu. Kwa vipimo vya binti, katikati ya kisanduku ni sentimita 11.25 kutoka juu, yaani 4 za kujalidi na nusu ya 14.5.

Angalia pia kingo za ukurasa uliolazwa. Sentimita 4 za kujalidi lazima ziwe `Top`, siyo `Left`, kwa sababu kichwa cha jedwali ndicho kinachoelekea mgongo wa kitabu.

Mtego wa mwisho ndani ya faili ni aya tupu inayobeba mkato wa sehemu, baada ya chanzo cha jedwali. Ukiifuta unafuta na mkato wenyewe. Jedwali likijaa hadi chini, aya hiyo na mkato wake huangukia ukurasa mpya uliolala mtupu, na namba zote zinasogea moja mbele. Ipe herufi za ukubwa wa 1 na nafasi ya juu na chini iwe 0. Kisha bofya kulia mstari wa chini kabisa wa dirisha, uwashe `Section` na `Formatted Page Number`, upite kurasa nne kuzunguka jedwali ukisoma namba. Usiamini macho kwa kurasa mbili tu.

Stesheneri peleka PDF, wala usipeleke faili la Word, kwa sababu fonti isiyokuwepo kwenye kompyuta yao huhamisha mistari. Omba ukurasa wa 57 hadi 59 uchapwe kwanza. Zipange, zishike upande wa kushoto kama kitabu, uzungushe kuelekea mkono wa kulia: jedwali lisomeke moja kwa moja. Likisomeka kichwa chini, mwambie fundi aigeuze karatasi hiyo kabla haijaingia kwenye jalada gumu.