Vinundu vya kahawia kwenye mlimao na fikasi: soma hapa kabla ya kunitumia picha

Wiki hii nimeletewa picha sita za tawi lenye vinundu, na swali ni lile lile: "Huu ni ugonjwa gani?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Si ugonjwa. Ni wadudu magamba. Kila kinundu ni jike aliyezamisha mdomo kwenye gome na kufyonza utomvu. Akishakomaa hahami, na gamba la mgongoni ndilo ngao yake.

1. Hakikisha. Kwangua kwa ukucha. Kikibanduka na gome likabaki zima, ni mdudu. Kisipobanduka, acha: fikasi ina vipele vyake vya asili kwenye gome. Dalili nyingine ni majani kunata kama yamemwagiwa soda, masizi meusi juu yake, na sisimizi wanaopanda na kushuka.

2. Tenga chungu na mimea mingine.

3. Kata vijitawi vilivyojaa kabisa, uvifunge kwenye mfuko.

4. Sugua vilivyobaki kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni. Usisahau chini ya majani, kwenye mshipa wa kati.

5. Nyunyiza. Hapa ndipo nilipoharibu mlimao wangu wa miaka minne. Nilikoroga mafuta kwa kukadiria, nikaweka sabuni ya unga, nikanyunyiza saa saba mchana na udongo umekauka. Baada ya siku tano majani yalikuwa na mabaka kama yameunguzwa na pasi, na nusu yakapukutika. Wadudu wengi walibaki. Kwa hiyo PIMA: maji lita 1, mafuta ya kupikia kijiko kikubwa kimoja (mililita 15), sabuni ya maji kijiko cha chai kimoja (mililita 5). Tikisa kila mara, maana mafuta hupanda juu. Mwagilia mti siku moja kabla. Jaribu kwenye kijitawi kimoja, ngoja siku mbili. Kisha nyunyiza jioni, jua likishapoa, mpaka matawi na chini ya majani vilowe. Mafuta huua kwa kumziba mdudu pumzi, hivyo asipoguswa hafi.

6. Rudia kila baada ya siku 7 hadi 10, mara tatu au nne. Geuza gamba la jike aliyekomaa: mara nyingi utakuta mayai kama unga. Dawa haiyafikii vizuri. Yakianguliwa, vitoto hutoka na kutembea kutafuta pa kujibanza, na gamba lao bado laini. Hao ndio unaowalenga.

7. Zuia sisimizi. Wanakula ule utamu unaonata na kuwafukuza maadui wa wadudu magamba. Funga kitambaa kwenye shina, ukipake grisi. Usipake grisi kwenye gome lenyewe.

MASWALI

Mama Pili: Nimenyunyiza jana, vinundu bado vipo. Dawa haifai.

*Jibu:* Namba 6, mama. Halafu, gamba haling'oki lenyewe hata mdudu akifa. Minya kimoja: kikitoa majimaji yu hai, kikivunjika kikavu amekufa.

Kaka Mkubwa: Sabuni ya unga si sabuni tu?

*Jibu:* Soma namba 5.

Kaka Mkubwa: Nimesoma, ila wewe ulinyunyiza mchana. Huenda ni jua.

*Jibu:* Huenda ni vyote viwili. Mti ni wako, jaribu. Mimi sirudii.

Mchikichi: Kwenye mchungwa wangu baadhi ya magamba yana kitundu cha duara mgongoni, kimekatwa safi. Ni nini?

*Jibu:* Umeangalia vizuri! Hapo ametoka nyigu mdogo sana, asiyeuma watu. Mama yake alitaga ndani ya mdudu, mtoto akamla, akatoboa gamba akatoka. Ukiona matundu mengi usinyunyize kabisa. Zuia sisimizi tu, sugua kwa mkono, ukague baada ya wiki tatu.

Mchikichi: Na nitajuaje vitoto vimeanza kutoka?

*Jibu:* Zungushia kijitawi utepe unaonata pande zote mbili. Ukiona vidoadoa vya njano au rangi ya chungwa vimenasa, nyunyiza jioni hiyo.

Bibi Shamba: Mimi niko kando ya barabara ya vumbi, kila mwaka wanarudi.

*Jibu:* Vumbi linawasumbua wale nyigu kuliko wadudu wenyewe. Osha majani kwa mpira wa maji mara kwa mara, asubuhi.

Mama Pili: Malimao yenye masizi yanalika?

*Jibu:* Yanalika. Masizi yako juu ya ganda tu, yasugue kwa maji. Na vile vinundu kwenye picha ya pili uliyonitumia, kwa macho tu naona kimoja ni kikavu. Endelea na raundi ya pili.