Kuziba mwanga unaovuja kwenye kuta nyembamba unapooka kwa probu

Dalili yake ni hii: chumba katika mchezo wako hakina dirisha wala taa, lakini ukishaoka mwanga, yaani kuukokotoa mapema na kuuhifadhi, sehemu ya chini ya ukuta inang'aa kana kwamba jua limepenya kwenye matofali. Kwa kawaida mtu wa kwanza kuliona hukimbilia kuongeza idadi ya miale ya kuokea. Usiku mzima kompyuta inaunguruma, na asubuhi mwanga uko palepale, ila sasa hauna chembechembe. Miale haihusiki hapa. Tatizo ni jinsi mwanga uliokwisha kuokwa unavyosomwa baadaye kutoka kwenye probu, yaani nukta zilizosambazwa kwenye mandhari kuhifadhi mwanga.

Nitatumia injini ya michezo ya Unity 6 na mfumo wake wa probu, `Adaptive Probe Volumes`, kwa sababu ndiyo niliyoitumia juzi nilipomsaidia mwenzangu kurekebisha ghala lake lililopakana na ua wenye jua kali. Hesabu zenyewe ni zilezile kwenye injini yoyote inayohifadhi mwanga wa kuakisiwa katika gridi ya probu na kuzichanganya kwa umbali peke yake.

Hatua ya 1: Hakikisha mhalifu ni probu

Zima jua na mwanga wa anga kabisa, uoke tena, uone kama mng'ao umetoweka. Ukibaki, una taa iliyosahaulika ndani ya chumba. Ukitoweka, viwashe tena na uangalie kama jua limewekwa litoe vivuli na kama kuta zako ni maboksi yenye unene. Ukuta wa bapa moja lenye uso upande mmoja tu ni kuomba shida. Mimi siupokei hata kwa mradi wa majaribio.

Kisha angalia sakafu. Kama inatumia ramani ya mwanga na ni bamba moja linalopita chini ya ukuta, huenda tekseli moja, yaani pikseli ya ramani hiyo, imekanyaga ndani na nje kwa pamoja. Kwa tekseli 10 kwa mita, kila moja ina upana wa sentimita 10, sawa na ukuta wenyewe. Ikate sakafu ukutani, kila chumba kiwe na kipande chake, na hilo limekwisha. Mwongozo uliobaki ni wa vitu vinavyosoma probu.

Hatua ya 2: Tazama probu zinazosomwa

Fungua `Window > Analysis > Rendering Debugger`, nenda sehemu ya probu, washa `Debug Probe Sampling`, kisha bofya mahali panapong'aa. Utaoneshwa probu nane zinazozunguka nukta hiyo na uzito wa kila moja. Kama baadhi yake zimesimama nje uani, umempata mwizi.

Injini huchanganya probu hizo kwa umbali peke yake. Haiulizi kama kuna ukuta katikati. Kwenye ghala la mwenzangu ukuta ulikuwa na unene wa sentimita 10 na probu ziliachana kwa mita 1, ambayo ndiyo nafasi ya probu. Tuseme uso wa nje wa ukuta uko sifuri na wa ndani uko 0.1. Probu moja ilikuwa nje kwenye -0.3, inayofuata ilikuwa ndani kwenye 0.7. Tuupe ua mwanga wa 1.0 na ghala 0.05:

```
uzito_nje  = (0.7 - 0.1) / 1.0 = 0.6
uzito_ndani = 0.4
mwanga = 0.6 * 1.0 + 0.4 * 0.05 = 0.62
```

Uso uliostahili 0.05 unapata 0.62, zaidi ya mara 12. Na zingatia kwamba karibu mwanga wote wa ukuta wa ndani unatoka uani, bila mwale hata mmoja kupenya. Kila probu imeokwa kwa usahihi; kosa liko kwenye kuchanganya.

Hatua ya 3: Linganisha unene wa ukuta na nafasi ya probu

Wengi hapa huwasha `Leak Reduction Mode` wakitegemea jina lake. Iwashe, mimi huchagua `Quality`, lakini elewa inachokifanya: inakwepa probu batili, yaani zile ambazo miale yake mingi iligonga nyuso za nyuma kwa kuwa zimezama ndani ya kitu. Probu iliyosimama uani kwenye jua haina ubatili wowote. Na ukuta wa sentimita 10 ukiwa kati ya probu zinazoachana kwa mita 1, mara nyingi hakuna probu iliyozama ndani yake. Kwa hiyo hakuna cha kukwepa, na uvujaji unabaki ulivyo.

Ukuta unatakiwa uwe mnene kiasi cha kumeza angalau safu moja ya probu. Safu hiyo ikiwa batili, nukta ya ndani inaishia kwenye ukuta na haifiki nje. Kanuni ninayoitumia ni hii:

```
unene + Normal Bias >= nafasi ya probu
```

`Normal Bias` inaisogeza nukta ya kusomea kutoka kwenye uso kuelekea ndani ya chumba, ndiyo maana inahesabika kama unene wa ziada. Kanuni hii ni ya kuta zilizonyooka na gridi. Ukuta uliokatiza kwa nyuzi 45 unahitaji unene na `Normal Bias` vifike mara 1.41 ya nafasi, kwa sababu kisanduku cha gridi ni kirefu zaidi kwa mshazari.

Kwenye ghala tulishusha `Min Probe Spacing` hadi 0.5, tukanenepesha ukuta hadi sentimita 25 kwa kuusukuma kuelekea ua, ambako mchezaji hapimi kitu, na `Normal Bias` tukaipa 0.25. Usishushe nafasi peke yake ukitarajia miujiza: kuipunguza kwa nusu kunaweza kuzidisha probu hadi mara 8, na kumbukumbu ya kadi ya michoro hailalamiki mpaka imejaa. Nafuu ni kunenepesha ukuta. Wasanii wa majengo hulalamika kidogo, halafu husahau.

Hatua ya 4: Jihadhari na `Virtual Offset`

Hapa ndipo saa zinapopotea. Umenenepesha ukuta kwa hesabu sahihi, umeoka, na bado kuna mng'ao. Safari hii ni hafifu zaidi, na kwenye ukuta uliopinda kidogo, usionyooka kabisa na gridi, unajitokeza kama mistari: pengine safi, pengine panang'aa, kisha safi tena.

Ukiwa na nia njema ya kuokoa probu zilizozama, `Virtual Offset` huisogeza sehemu ya kupokelea mwanga mpaka itoke ndani ya kitu, kwa njia ya karibu. Probu yenyewe haihami. Kwenye gridi inabaki ndani ya ukuta. Sasa fikiria probu iliyozama sentimita 5 tu kutoka uso wa nje. Njia ya karibu ni kutokea uani. Inapokea jua, inarudi na alama ya kuwa halali, na inakaa katikati ya ukuta ikiwa na mwanga wa 1.0. Safu uliyoitegemea iwe kinga imegeuka kuwa taa.

Piga hesabu. Probu hiyo iko sentimita 20 kutoka uso wa ndani. Ongeza `Normal Bias` ya sentimita 25, nukta ya kusomea iko sentimita 45 kutoka kwake, katika nafasi ya sentimita 50. Uzito wake ni 0.1. Mwanga unakuwa 0.1 × 1.0 + 0.9 × 0.05, yaani 0.145, karibu mara 3 ya unaostahili. Katika ghala lenye giza jicho linaliona hilo mara moja. Mistari inatokana na hilohilo: probu iliyo karibu na uso wa nje inatokea uani, iliyo karibu na uso wa ndani inatokea ghalani, na ukuta uliopinda unazipitia zote kwa zamu.

Kuzima `Virtual Offset` kwa mandhari nzima ndiko kunakopendekezwa na walio na haraka. Sikubaliani nako. Probu zilizozama kwenye makabati, nguzo na sakafu zinaihitaji, na ukiizima utaanza kufukuza madoa meusi kila kona. Fanya hivi: weka `Probe Adjustment Volume` ya umbo la boksi juu ya ukuta huo, mode iwe `Invalidate Probes`, na unene wa boksi uwe mdogo kidogo kuliko wa ukuta ili lisimeze probu zilizo hewani. Probu za ndani ya ukuta zinabaki batili kwa amri, na `Leak Reduction Mode` sasa ina cha kukwepa.

Usijaribiwe kulivuta boksi hilo nje ili kufuta pia probu za uani zilizo karibu na ukuta. Ukizifuta, uso wa nje unaweza kubaki na probu za ghalani peke yake kama halali, na badala ya jua kuvuja ndani, giza linavuja nje: utepe mweusi chini ya ukuta kwenye jua kali. Kwa sababu ni giza, watu hudhani ni kivuli na kuuacha. Uhakikishe kwa `Debug Probe Sampling` ileile, ukibofya upande wa nje.

Hatua ya 5: Utepe wa sakafuni

Ukuta ukishakuwa safi, angalia vitu vilivyolala karibu nao: sakafu kama inasoma probu, dari, masanduku. `Normal Bias` huisogeza nukta kufuata uso unakoelekea, na sakafu inaelekea juu. Haikuondoi ukutani hata sentimita moja. Kwa hiyo utepe wenye upana usiozidi nafasi kutoa unene, kwetu 0.5 − 0.25, yaani sentimita 25, unaweza kubaki uking'aa. Kuongeza `View Bias` kutaupunguza, lakini nukta inasogea kuelekea kamera, na mwanga utaogelea mchezaji anapogeuka. Mimi huiacha ndogo.

Dawa yake ni `Rendering Layer Masks`, zilizo kwenye kichupo cha `Adaptive Probe Volumes` ndani ya dirisha la `Lighting`. Tengeneza moja ya ndani na moja ya nje (zinaruhusiwa hadi 4), vigawe vitu kwa `Rendering Layer` zake, uoke tena. Vitu vya ghalani havitasoma probu za uani hata zikiwa jirani. Inafanya kazi kwa kila kitu kizima, kwa hiyo bamba moja linalopita ndani na nje haliwezi kugawanywa. Ndiyo maana nilisisitiza kuikata sakafu.

Mhusika anayetembea awe kwenye zote mbili, la sivyo atabadilika rangi ghafla mlangoni. Akisimama ameegemea ukuta wa ghala, bega lake linaweza kupata mwanga kidogo wa uani. Kwenye kitu kinachotembea hilo halionekani, nami sitalipotezea muda.

Hatua ya 6: Oka, kisha bofya

Rudi kwenye nukta uliyobofya mwanzo, pamoja na nyingine tatu: pembe ya kuta mbili, sakafu chini ya ukuta, na uso wa nje. Pembe ndiyo hushindwa mara nyingi, kwa sababu maboksi mawili ya `Probe Adjustment Volume` huacha pengo pale kuta zinapokutana. Yafanye yaingiliane hapo.