Somo: Sababu iliyoandikwa kwenye barua ya kuachishwa kazi ndiyo inayopanga malipo yako

Wengi wakikabidhiwa barua hukimbilia tarakimu za mwisho. Anza na sababu, maana ndiyo inayoamua ni malipo gani yawepo.

Hatua ya 1: Iweke sababu kwenye fungu lake

Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1982, unataja mafungu matatu ya sababu halali: mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake wa kufanya kazi, na mahitaji ya uendeshaji wa taasisi. Kupunguza wafanyakazi kumo katika hili la tatu.

Ukiona "menejimenti imeamua kusitisha ajira yako", hapo hakuna sababu. Kuna uamuzi tu. Mbaya zaidi ni barua inayochanganya: aya ya kwanza "mabadiliko ya muundo", aya ya tatu "utendaji usioridhisha". Taratibu zake hazifanani. Anayepunguzwa kwa kawaida hushirikishwa mapema na kuambiwa vigezo vilivyotumika. Anayeshutumiwa kwa utendaji alipaswa kuonywa na kupewa muda wa kujirekebisha. Usimsaidie mwajiri kuchagua. Muulize.

Hatua ya 2: Piga hesabu yako kabla ya kuangalia yake

Tuseme mshahara wa msingi ni 780,000 kwa mwezi, siku za kazi 26. Siku moja ni 30,000. Mfanyakazi ana miaka 4 kamili, ameachishwa akiwa amefanya kazi siku 12 za mwezi huo, na ana siku 9 za likizo ambazo hajachukua. Notisi ya mkataba ni mwezi mmoja, lakini ameambiwa aondoke leo.

Siku alizofanya kazi: 360,000. Likizo: 270,000. Malipo badala ya notisi: 780,000. Kiinua mgongo, tukichukua siku 7 kwa kila mwaka kamili kama ilivyo Tanzania: 840,000. Jumla 2,250,000 kabla ya makato.

Sasa badilisha sababu iwe utovu mkubwa wa nidhamu uliothibitishwa. Notisi kwa kawaida inaondoka, na kwa sheria ya Tanzania kiinua mgongo nacho. Zinabaki 630,000. Mtu ni yuleyule, ila tofauti ni 1,620,000. Ndiyo maana neno moja kwenye barua halipaswi kupita hivihivi. Mshahara wa siku zilizokwisha kufanyiwa kazi haufutwi na kosa la nidhamu, na likizo iliyokwisha kulimbikizwa kwa kawaida nayo hulipwa.

Kosa linalojificha sana liko kwenye kigawanyo. Siku za likizo zikihesabiwa kwa siku za kazi halafu mshahara ukagawanywa kwa 30, siku moja inakuwa 26,000 na likizo inashuka hadi 234,000. Kwenye karatasi huoni kitu, kwa sababu huwa wameandika jumla tu.

Hatua ya 3: Omba kwa maandishi

Tuma barua pepe fupi, bila hasira, kwa mfano:

"Naomba nipatiwe kwa maandishi: (1) sababu mahususi ya kuachishwa, pamoja na tarehe za matukio au maonyo yanayotegemewa, (2) mchanganuo wa malipo, ukionyesha siku, kiwango cha siku na kila kato, (3) tarehe ya kulipwa, (4) uthibitisho wa michango yangu ya hifadhi ya jamii, (5) cheti cha utumishi."

Kama ulijibiwa kwa mdomo, andika tena: "Kufuatia mazungumzo yetu ya leo, nimeelewa kwamba…" Tuma nakala kwenye anwani yako binafsi, maana ya ofisini hufungwa mapema.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, wamenilazimisha nisaini ndipo wanipe barua. Nimejimaliza?*

Inategemea ulichosaini. Kusaini kupokea si kukubali. Wengine huongeza kwa mkono "Nimepokea nakala, sijakubali yaliyomo" na tarehe. Cha kuogopa ni karatasi ya pili inayosema "sina madai mengine yoyote". Hiyo usiisaini kabla ya kuona mchanganuo.

*Afisa rasilimali watu ananishauri niandike kujiuzulu ili nisichafuke jina. Ni vyema?*

Ukijiuzulu, kwenye kumbukumbu ni wewe uliyeondoka. Malipo badala ya notisi yanaweza kupotea, hata kugeuka deni lako, na kudai kwamba uliachishwa isivyo halali kunakuwa kugumu. Akiahidi kitu, akiandike kwanza.

*Naweza kusubiri wanijibu ndipo nilalamike?*

Subiri huku unahesabu siku. Tanzania, mgogoro wa uhalali wa kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Nchi nyingine zina muda wake. Barua yako kwa mwajiri haisimamishi muda huo. Mpe siku 7 za kujibu. Akinyamaza, peleka shauri pamoja na nakala ya barua pepe isiyojibiwa.