Somo: Lori likiwa wapi ndipo boriti ya daraja inaelemewa zaidi?

Tuchukue boriti ya mita 10 iliyoegemea ncha mbili tu, A kushoto na B kulia. Juu yake linapita lori lenye ekseli ya nyuma ya kN 80 na ya mbele ya kN 40, zilizoachana mita 4. Badala ya kukokotoa upya kila lori linaposogea, tembeza mzigo wa kN 1 na uchore athari yake.

1. Nguvu ya egemeo A. Weka kN 1 umbali x kutoka A. Momenti kuzunguka B inakupa R = 1 − x/10, yaani mstari mnyoofu wenye kimo cha 1 pale A na 0 pale B. Ekseli nzito iwekwe kwenye kimo kikubwa: ya nyuma juu ya A, ya mbele mita 4 kulia kwake.

80 × 1 + 40 × 0.6 = kN 104

Lori likija upande wa pili, ekseli ya mbele ikiwa juu ya A, unapata 40 + 80 × 0.6 = kN 88. Kwa hiyo jaribu pande zote mbili.

2. Nguvu ya mkato pale C, mita 4 kutoka A. Hapa ndipo wengi huteleza. Mzigo ukiwa kulia kwa C, kipande cha kushoto kina nguvu ya A peke yake: V = 1 − x/10. Ukivuka kuja kushoto, unatoa 1, inabaki −x/10. Mchoro unashuka kutoka 0 hadi −0.4, unaruka hadi +0.6, kisha unateremka hadi 0 pale B. Kagua: mruko lazima uwe 1 kamili, na mistari miwili iwe sambamba. La sivyo, umekosea alama mahali.

3. Weka lori. Ekseli ya nyuma iwe kulia kidogo tu kwa C, ya mbele iwe mita 8 kutoka A, penye kimo cha 0.2:

80 × 0.6 + 40 × 0.2 = kN 56

Ekseli ya nyuma ikirudi kushoto kwa C sentimita chache, jibu linakuwa −32 + 8 = −24. Upande hasi, kikomo ni −32: lori linaelekea A, ekseli ya nyuma iko kushoto kidogo kwa C, ya mbele iko juu ya A penye sifuri.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, huu si ule ule mchoro wa nguvu za mkato?*
Hapana, ndugu. Ule unaonyesha sehemu zote za boriti, mzigo ukiwa umetulia. Huu unaonyesha sehemu moja, mzigo ukitembea.

*Mzigo ulioenea, kama foleni ya magari, kN 10 kwa mita, niujaze boriti nzima?*
Usijaze. Zidisha mzigo kwa eneo la upande chanya pekee, kutoka C hadi B: 10 × (½ × 6 × 0.6) = kN 18. Ukijaza yote, upande hasi unakupunguzia hadi kN 10, na boriti yako itakuwa dhaifu.

*Na boriti yenye maegemeo matatu?*
Mistari hiyo inapinda, hesabu hii haitoshi.