Bima imekataa "vifaa" kwenye bili ya hospitali: jinsi ya kupinga

Utaratibu huu niliutumia Nairobi kumsaidia jirani aliyepasuliwa kidole tumbo kwa kadi ya bima ya kampuni binafsi. Siku ya kuruhusiwa kutoka aliambiwa aongeze shilingi 38,600, kwa kuwa "bima hailipi vifaa".

1. Omba bili inayotaja kila kitu na bei yake, pamoja na orodha ya bima inayoonyesha walichokata na sababu. Muhtasari wa ukurasa mmoja haufai kitu.

2. Fungua sehemu ya mkataba inayotaja yasiyolipiwa.

3. Gawa vilivyokatwa mafungu matatu. Hapa ndipo kazi ilipo, maana kila fungu lina mtu wake wa kulijibu.

Fungu la kwanza ni vitu ambavyo mkataba unavikataa wazi. Kwa jirani vilikuwa sabuni, ndara na chakula cha mgeni, shilingi 3,100. Lipa, usibishane.

La pili ni vitu vilivyokwisha kulipiwa ndani ya ada nyingine. Glavu, pamba na vitambaa vya chumba cha upasuaji vilimgharimu 14,500, ilhali bili ileile ilikuwa na ada ya chumba hicho. Hapa bima haina kosa. Iulize hospitali kwa maandishi: "Ada ya chumba cha upasuaji inajumuisha nini?" Kisha iulize bima kama bei walizokubaliana na hospitali zinaruhusu mgonjwa adaiwe vitu hivyo kando. Zisiporuhusu, deni hilo ni la hospitali kulifuta.

La tatu ndilo gumu: kifaa cha lazima kilichoandikwa vibaya. Shilingi 21,000 zilikuwa za stepla ya upasuaji, ile inayobana na kukata utumbo, lakini kwenye bili iliandikwa "vifaa mbalimbali" tu. Mkaguzi wa bima akiona maneno hayo hukata. Mwombe daktari mpasuaji barua fupi inayotaja kifaa, kilifanya nini, na kwa nini upasuaji usingekamilika bila hicho. Ambatisha ripoti ya upasuaji. Halafu ofisi ya bili irekebishe jina la kifaa na kuituma bili upya. Barua peke yake, bila bili mpya, hurudishwa. Hata hivyo, kama mkataba unakitaja kifaa hicho kwa jina kuwa hakilipiwi, barua haitasaidia.

Tumia barua pepe moja yenye hospitali na bima pamoja. Simu siziamini kabisa: kila upande utakuelekeza kwa mwenzake, na hutakuwa na ushahidi.

4. Ukilazimika kulipa ili utoke, andika juu ya nakala yako ya risiti na juu ya ile inayobaki hospitalini: "Nimelipa huku nikipinga", ukitaja vitu na kiasi. Usisaini karatasi inayosema umekubali bili yote.

5. Bima ikishikilia msimamo, dai barua rasmi ya kukataa inayotaja kifungu cha mkataba, kisha upeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima (IRA). Mamlaka hiyo husimamia kampuni za bima; dai la fungu la pili libaki kwa uongozi wa hospitali.