Mgeni akisema "helo" mbele ya mzee

Ukiwa mkalimani wa mgeni wa Kiingereza huku kwetu, salamu ifasiri kwa kuangalia nani anamsalimia nani. Maneno yenyewe yaache.

Nilijifunza hili kijijini karibu na Tukuyu. Mgeni, kijana wa miaka ishirini na kitu, alimwambia mzee "helo" kwa tabasamu kabisa. Nikatafsiri "habari yako, mzee." Mzee akanyamaza, akanitazama mimi, si mgeni. Kosa lilikuwa langu: "helo" ya Kiingereza haina umri, mkubwa na mdogo wote huitumia. Kiswahili kinataka uchague, na kijana kwa mzee ni "shikamoo" tu. Nikaomba radhi, nikaanza upya.

Akiitikia "marahaba," usiseme anashukuru. Ni kupokea heshima, na Kiingereza hakina neno la kazi hiyo. Mimi humpa mgeni "helo" ya kurudishiwa, basi. Wala shikamoo usiifumbue kwamba ni kushika miguu. Mgeni ataanza kuangalia viatu vya mzee. Heshima iliyopotea iweke kwenye "sa" au "madamu," au kwenye sauti.

Mgeni akiwa ndiye mwenye mvi, mwonye mapema: mtoto akimwamkia, asirudishe "shikamoo." Aseme "marahaba."

Halafu zinakuja habari za nyumbani, za watoto, za shamba. Hapo mwambie ajibu "nzuri" kila mara, hata kama ana mafua. Ya mafua yatafuata baadaye.